Faktire inasema 01986, konteri inasema 01903: barua ya maji inapaswa kuanza na namba, si na machozi

Tarehe 9 mwezi wa saba, faktire ya maji iliingia katika parsele ninamopanga, na jioni ile ile kukawa vita. Sisi ni nyumba tano kwenye konteri moja, watu 27 tukihesabu na watoto. Kila mwezi tunagawanya deni. Faktire ya mwezi wa tano ilikuwa ya metre kibe 18, na hakuna aliyelalamika. Ile ya mwezi wa sita ilikuja na metre kibe 108.

Mama mwenye parsele aliisoma mara mbili, kiisha akageuza macho kwenye mlango wa mwisho. Pale anakaa mama mmoja anayefua nguo za watu ili alishe watoto wake wanne. Mabeseni yake yanajaa uwanja kila asubuhi, kwa hiyo mashitaka yalikuwa tayari kabla ya mutu yeyote kufungua kinywa. Akaambiwa alipe nusu ya deni lote ao atafute nyumba nyingine. Yeye alijibu neno moja tu: "Mama, hata mimi sina nguvu ya kuchota maji ya namna hiyo."

Alisema kweli, na hesabu inamutetea. Metre kibe moja ni litre 1000, ni kusema bidoni 50 za litre 20. Metre kibe 108 kwa siku 30 ni litre 3600 kila siku, ni kusema bidoni 180 kila siku. Kwa robine yetu moja, katika muji ambako maji yanakuja saa chache na kupotea, tungepaswa kupanga mustari usiku na muchana bila kulala. Metre kibe 18, kwa upande mwingine, ni bidoni 30 kwa siku. Hizo tunazijua. Tunaziona zikipita.

Lakini bidoni si ushuhuda mbele ya kampuni ya maji. Ushuhuda ulikuwa chini ya kifuniko cha chuma karibu na mulango wa parsele. Mutoto wa kiume wa mama mwenye parsele, anayesoma chuo kikuu, alichukua tochi ya simu, akapanguza kioo cha konteri, akasoma kwa sauti: 01903. Faktire mukononi mwa mama yake ilisema indeksi mpya ni 01986, iliyosomwa tarehe 27 mwezi wa sita.

Nataka musomaji asimame hapa kidogo, juu jambo lote liko hapa. Konteri ya maji inahesabu ikienda mbele. Kama tarehe 27 ya mwezi uliopita ilikuwa imefika 01986, haiwezekani siku 12 baadaye iwe kwenye 01903. Namba ya faktire ni namba ambayo konteri yetu haijaifikia bado. Kampuni ilikuwa inatuuzia maji ambayo hayajapita katika tiyo.

Katika mitaa yetu, faktire kubwa ikija, kila mutu ana maelezo yake. Mumoja atasema kuna tiyo inayovuja chini ya udongo. Mwingine atasema ni upepo: maji yakikatika siku mbili, tiyo inajaa hewa, na yakirudi hewa hiyo inasukuma konteri mbele ya maji. Mwingine atasema konteri imezeeka na inakimbia. Mambo hayo matatu yapo kweli, nimeyaona yote. Lakini angalia vizuri: uvujaji unaonekana kwenye konteri, hewa inaonekana kwenye konteri, konteri inayokimbia inaonekana kwenye konteri. Kila kosa la chuma na la maji linaandikwa kwenye ile namba iliyo chini ya kioo. Namba ya faktire ikipita namba ya kioo, basi tiyo haina kosa, konteri haina kosa, na mama anayefua nguo hana kosa. Kosa limefanyika kwenye karatasi.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni lazima niseme ili mutu asiandike barua ya bure. Kama ungesoma konteri yako leo na kukuta 01990, faktire yako ya 01986 ina haki ya kusimama, hata kama inakuumiza. Hapo utafute uvujaji. Funga robine zote za parsele usiku, tazama ile nyota ndogo ama pembetatu nyekundu inayozunguka katikati ya konteri. Ikizunguka wakati hakuna anayechota, maji yanapotelea ndani ya parsele yako, na deni ni lako. Kama hakuna uvujaji na unashuku kwamba konteri inakimbia, jaza bidoni tano za litre 20 mpaka kwenye alama, si mpaka mudomoni. Namba nyeusi zinahesabu metre kibe, nyekundu zinahesabu vipande vyake, na bidoni hizo tano zinapaswa kusogeza konteri kwa litre 100, si zaidi sana. Jambo lingine la kutazama mbele ya yote: namba ya konteri iliyochongwa kwenye chuma ao kwenye kioo iwe sawasawa na ile ya kwenye faktire. Nimekutana na familia iliyolipa miezi mingi konteri ya jirani.

Sisi tulikuwa na bahati moja, na bahati hiyo ilitoka kwa ugomvi wa zamani. Mwaka jana wapangaji walishindwa kuaminiana, tukaamua kwamba kila mwisho wa mwezi tutasoma konteri pamoja na kuandika namba kwenye daftari. Daftari lilisema: mwisho wa mwezi wa ine 01861, mwisho wa mwezi wa tano 01879, mwisho wa mwezi wa sita 01898. Metre kibe 18, kiisha 19. Hakuna mwezi ulioruka.

Daftari hilo lilitufungulia pia mulango wa kuelewa kosa lilitoka wapi. Tukitumia kama metre kibe 0,6 kwa siku, na tarehe 30 konteri ilikuwa 01898, basi siku tatu mbele ya hapo, tarehe 27, ilikuwa karibu 01896. Weka namba hizo mbili moja chini ya nyingine. 01896. 01986. Ni namba zile zile. 8 na 9 zimebadilishana viti. Wahasibu wana alama ya zamani kwa kosa hili: mukono ukipindua namba mbili zinazofuatana, tofauti inayozaliwa inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. 01986 ukitoa 01896 ni 90, na 90 kwa 9 ni 10. Alama hiyo peke yake si hakika, maana katika namba tisa zinazofuatana moja inagawanyika kwa 9 hivi hivi tu. Lakini ikikutana na daftari na konteri, inakuambia uangalie mukono wa muandishi kabla ya kuangalia mabeseni ya jirani.

Na mukono huo si lazima uwe wa mutu mubaya. Ajenti anayesoma makonteri anapanda na kushuka na miguu, anagonga milango iliyofungwa, anakimbizwa na imbwa, anaandika kwenye kijitabu akiwa amechuchumaa. Kiisha mutu mwingine, biroini, anaingiza namba hizo kwenye mashine. Namba moja inaandikwa mara mbili na watu wawili ambao hawaonani. Makosa yatakuwapo. Pale ajenti hakuweza kuingia, kampuni inakadiria kufuatana na miezi iliyopita, na hilo pia naweza kulikubali. Ninachokataa ni kwamba faktire yetu haikuwa na neno hata moja linaloonyesha kama namba ilisomwa ama ilikadiriwa, na kwamba ajenti hakuacha mulangoni hata kikaratasi kidogo chenye namba aliyoiona. Kikaratasi hicho kingezuia vita yetu yote. Kingemulinda hata yeye mwenyewe.

Sasa barua. Mama mwenye parsele alikuwa ameandika yake, kurasa mbili. Ilianza na article 48 ya Katiba, ile inayohakikisha haki ya kupata maji ya kunywa, ikapita kwenye ujane wake, ikaishia kwa Mungu anayeona yote. Sikucheka. Article 48 ipo, na ujane wake upo. Lakini mutu wa biro ya wateja anayepokea barua ana sanduku moja tu mbele yake: indeksi. Machozi hayana mahali pa kuandikwa katika mashine yake. Ukimuandikia kwamba faktire ni kubwa sana, atajibu kwamba ulitumia sana. Ukimuandikia kwamba hii namba ni ya uongo na ya kweli ni hii, hana jibu lingine isipokuwa kutuma mutu kutazama.

Tuliandika upya, ukurasa mumoja, kwa Kifaransa, juu biro zetu zinasoma Kifaransa. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Kusudi: kupinga indeksi mpya ya faktire ya mwezi wa sita.

Bwana Mukubwa wa Biro ya Wateja,

Faktire yetu, ambayo namba yake na namba ya konteri ziko hapo juu, inaonyesha indeksi ya zamani 01878 na indeksi mpya 01986, iliyosomwa tarehe 27 mwezi wa sita. Inatudai metre kibe 108.

Tarehe 9 mwezi wa saba, siku 12 baadaye, konteri hiyo hiyo ilionyesha 01903. Picha tumeiweka pamoja na barua hii. Konteri haijafika kwenye namba ya faktire. Daftari letu linaonyesha 01861 mwisho wa mwezi wa ine, 01879 mwisho wa mwezi wa tano na 01898 mwisho wa mwezi wa sita. Huenda namba 01896 iliandikwa 01986.

Tunaomba ajenti aje kusoma konteri mbele yetu, na pande zote mbili zitie saini. Tunaomba faktire hii ifutwe na itolewe nyingine yenye indeksi ya kweli. Tunaomba maji yasikatwe wakati uchunguzi unaendelea. Metre kibe 18 hatuzipingi. Tuko tayari kuzilipa."

Ni hayo tu. Neno "huenda" liliwekwa kwa kusudi. Hatukumuona ajenti akiandika, kwa hiyo hatuwezi kuapa. Jambo tunaloweza kuapa ni 01903, na ndilo limewekwa mbele. Picha ilipigwa namna moja ambayo napendekeza: namba zote na namba ya konteri zionekane katika picha moja, kiisha unaituma kwa WhatsApp saa ile ile, ili tarehe ibaki. Picha ya namba peke yake inaweza kuwa ya konteri ya mutu yeyote, na kampuni ina haki ya kuikataa. Kuna wateja wadanganyifu, tusijifanye malaika.

Tulipeleka kopi mbili. Ya kwanza inabaki biroini, ya pili inapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, na unarudi nayo nyumbani. Mutu wa mulangoni alisema, "Acheni hapa, tutaitika." Barua iliyoachwa bila muhuri haikufika popote, siku watakapokuja kukata maji, hautakuwa na kitu cha kuonyesha. Tulingoja saa mbili na nusu mpaka muhuri ukapatikana. Gishe ya malipo ilikataa kupokea pesa za metre kibe 18, ikasema faktire ni moja, inalipwa yote ama hailipwi. Mama mwenye parsele akachukua jina la siku na saa, akaweka pesa hizo pembeni mbele ya wapangaji wote.

Na hapo gisheni ndipo tulipewa jibu ambalo wasomaji wengi wamekwisha kulisikia: "Lipeni tu, mwezi ujao itajirekebisha yenyewe." Linasikika kama jibu la amani. Kweli, kama umelipa mpaka 01986, siku moja konteri itafika 01986, na utakuwa umelipa maji uliyokunywa. Kwa mwendo wetu wa metre kibe 18, ni miezi mitano. Nini shida?

Shida ya kwanza ni bei inayopanda kwa ngazi. Penye ngazi, metre kibe za mwanzo za kila mwezi zina bei ndogo, na zinazozidi zina bei kubwa. Tuchukue bei za mufano tu, ili hesabu iwe nyepesi: franka 500 kwa kila metre kibe mpaka 20, na franka 1000 kwa zile zinazozidi. Mwezi wetu wa kawaida wa metre kibe 18 ni franka 9000. Miezi sita ya namna hiyo ni franka 54 000. Lakini faktire moja ya metre kibe 108 inapanda kwenye ngazi ya juu: 20 za kwanza ni franka 10 000, 88 zinazobaki ni franka 88 000, jumla 98 000. Maji ni yale yale, metre kibe 108 kwa miezi sita, lakini tumelipa franka 44 000 zaidi, na hakuna konteri itakayozirudisha. Kosa la namba linajirekebisha. Kosa la bei halijirekebishi.

Shida ya pili inakuja mwezi unaofuata. Ajenti atakuja, atasoma karibu 01914, na biroini wataona indeksi mpya ndogo kuliko ya zamani. Matumizi yatakuwa chini ya zero. Mutu wa biro, badala ya kuuliza, anaweza kuona kwamba konteri imeharibika na kuweka makadirio. Na makadirio yanapigwa kwa kutazama miezi iliyopita, kati yake ule wa 108. Kwa njia hiyo namba mbili zilizobadilishana viti zinaweza kukaa ndani ya faktire zenu mwaka muzima.

Kwa hiyo tulikataa. Ajenti alikuja tarehe 23, kijana mupole, akachuchumaa, akasoma 01911, akatia saini kwenye karatasi tuliyokuwa tumeandaa, nasi tukatia yetu, na jirani mumoja wa nyumba kumi akawa shahidi. Hakubisha. Alisema tu kwamba si yeye aliyepita mwezi uliopita.

Faktire mupya ilitoka mwezi wa nane. Indeksi ya zamani 01878, indeksi mpya 01911, metre kibe 33. Tulishangilia mapema. Zile 33 ni maji ya karibu miezi miwili, lakini zimehesabiwa kama mwezi mumoja, na kwa hiyo sehemu yake imepanda tena kwenye ngazi ya juu. Ombi lilipaswa kusema wazi kwamba matumizi yagawanywe kwa miezi. Hilo tulilisahau, na ni kosa letu. Chini kabisa ya faktire kuna tena musitari wa deni la zamani, ni lile lile la metre kibe 108, lililofutwa kwa kinywa na kubaki kwenye mashine.

Barua ya pili imekwisha kuandikwa. Ni fupi kuliko ya kwanza: inaonyesha saini ya ajenti, inaomba musitari wa deni ufutwe na metre kibe 33 zigawanywe. Tutaipeleka kesho na kopi mbili. Mama anayefua nguo ndiye atakayeibeba, yeye mwenyewe aliomba. Mama mwenye parsele bado hajamuomba musamaha, lakini juzi nilimuona akimusaidia kuanika mashuka.